Mpindo wenye subtanjenti isiyobadilika: uchambuzi wa kisa cha swali moja

## Usuli

Kisa hiki kinawahusu wanafunzi wawili wa kalkulasi niliokuwa nikiwaongoza pamoja walipokuwa wanajiandaa kwa mtihani. Majina yao nimeyaondoa, pamoja na kila kitu kinachoweza kuwatambulisha. Humu nitawaita K na R. Wote wawili walikuwa hodari wa kutofautisha na kuintegreti. Ukiwapa mlinganyo wa kutofautisha ulio tayari, yaani mlinganyo wenye dy/dx ndani yake ambapo kinachotafutwa ni y, walikuwa wanautatua bila shida. Walichokuwa hawajafanya ni kuuunda wenyewe kutokana na maelezo ya umbo.

Swali lililowakwamisha lilikuwa hili:

*Mpindo unapita kwenye nukta (1, 2). Kwa kila nukta P iliyo kwenye mpindo, tanjenti ya P inakata mhimili wa x kwenye T, na mstari wima kutoka P unaufikia mhimili huo kwenye N. Urefu wa TN ni 3 daima. Tafuta mlinganyo wa mpindo.*

Kipande TN ndicho kinachoitwa subtanjenti: ni kivuli cha tanjenti juu ya mhimili wa x, kuanzia pale inapoukata mhimili hadi chini ya nukta ya mguso. Swali ni fupi, na hesabu yake ya mwisho ni ya mistari mitatu. Ugumu wote uko kabla ya hiyo mistari mitatu.

## Yaliyotokea

### Jibu la kwanza: mstari mnyoofu

K alianza. Alichora nukta (1, 2), akashuka wima hadi N (1, 0), akarudi nyuma vizio 3 hadi T (−2, 0), akaunganisha T na P. Mwinamo ukatoka 2/3. Akaandika:

y − 2 = (2/3)(x − 1)

Akaupigia mstari. "Mwalimu, nimeupata. Unapita kwenye nukta, na subtanjenti ni 3."

Alichosema kilikuwa kweli, lakini pale kwenye nukta moja tu. Sikumwambia amekosea. Nilimwomba achague nukta nyingine kwenye mstari wake huohuo na apime TN upya. Alichagua (4, 4). Tanjenti ya mstari mnyoofu ni mstari wenyewe, kwa hiyo T ilibaki palepale kwenye −2, ilhali N ilikuwa imesogea hadi 4. TN ikawa 6.

K aliutazama mchoro kwa muda, kisha akasema kitu ambacho naona ndicho kilichofungua swali lote: "T haikusogea. Ilitakiwa isogee pamoja na N."

### Jaribio la pili: herufi zilizochanganyika

R alikuwa amelishika wazo hilo, akataka kuandika tanjenti ya nukta yoyote badala ya nukta moja. Aliandika hivi:

y − y = (dy/dx)(x − x)

Akasimama, kwa sababu pande zote mbili zilikuwa sifuri. Akabadilisha, akaandika y = (dy/dx)x + c, akaweka y = 0 ili apate T, akatoka na x = −c/(dy/dx), na hapo hakujua c ni nini wala x ni ya nani.

Tatizo la R ni la kawaida kabisa katika maswali ya aina hii. Katika hesabu moja kuna nukta za aina mbili. Kuna nukta P, ambayo iko kwenye mpindo, na kuna nukta yoyote ya tanjenti, ambayo kwa kawaida haiko kwenye mpindo. Zote mbili zina majiranukta, na mkono umezoea kuziita zote x na y.

### Hatua za rula

Kabla ya kurekebisha herufi, niliwapa kazi ya mkono. Wachukue rula na karatasi ya grafu, waanze kwenye (1, 2), wachore tanjenti kwa kurudi vizio 3 kwenye mhimili, kisha waifuate tanjenti hiyo mbele kwa nusu kizio tu. Wakifika hapo wasiendelee nayo: washuke wima, warudi tena vizio 3, wachore tanjenti mpya, waifuate kwa nusu kizio. Na kuendelea hivyo hadi x ifike 4.

Mwinamo wa kila kipande ni urefu wa y pale kinapoanzia, ukigawanywa kwa 3. Kwa hiyo kila hatua ya nusu kizio inaongeza y kwa y/6, ambayo ni sawa na kuizidisha kwa 7/6. Walipata hivi:

| x | y |
|---|---|
| 1 | 2 |
| 1.5 | 2.333 |
| 2 | 2.722 |
| 2.5 | 3.176 |
| 3 | 3.705 |
| 3.5 | 4.323 |
| 4 | 5.043 |

R ndiye aliyegundua kwamba hakuna haja ya rula tena. "Tunazidisha kwa namba ileile kila mara. Basi hii ni kipeo." Walikuwa hawajaandika mlinganyo wowote wa kutofautisha, lakini familia ya jibu walikwisha kuiona.

### Mlinganyo unaundwa

Sasa tukarudi kwenye herufi. Tulikubaliana kwamba herufi ndogo x na y ni za P, nukta ya mpindo, na herufi kubwa X na Y ni za nukta yoyote iliyo kwenye tanjenti. Tanjenti ya P ikaandikika bila mgongano:

Y − y = (dy/dx)(X − x)

Kwenye T, Y ni sifuri. Kwa hiyo −y = (dy/dx)(X − x), na kutoka hapo:

X = x − y/(dy/dx)

N iko kwenye x. Kipande kutoka T hadi N ni x − X, yaani:

TN = y/(dy/dx)

Herufi kubwa zimetoweka zenyewe. Hicho ndicho kipimo kizuri cha kujua kazi imekwenda sawa: mlinganyo wa mwisho lazima uzungumzie P peke yake, yaani x, y na dy/dx. Ikiwa bado kuna X au Y ndani yake, kuna sharti la swali ambalo hujalitumia.

Kwa kuwa TN ni 3, wote wawili waliandika:

dy/dx = y/3

### Namba C inawekwa mahali pasipo pake

K aliintegreti: ln y = x/3 + C, kisha y = A e^(x/3), na kwa kuweka (1, 2) akapata A = 2e^(−1/3). Jibu lake:

y = 2 e^((x−1)/3)

R alifika kwenye ln y = x/3, akageuza kuwa y = e^(x/3), na hapo ndipo akakumbuka kuongeza C mwishoni: y = e^(x/3) + C. Akaweka (1, 2), akapata C = 2 − e^(1/3), takriban 0.604. Mpindo wake nao unapita kwenye (1, 2), na nao ni wa kipeo.

Wakawa na majibu mawili, na kila mmoja akaamini lake. R alijaribu kulihakiki jibu lake kwa x = 10. Alipata y/(dy/dx) kuwa takriban 3.06, akadai kwamba tofauti ndogo hiyo imetokana na kukadiria kwa namba za desimali.

### Swali la alama

Jibu la R liliporekebishwa, K aliuliza swali ambalo kitini chao hakikuwa kimeligusa. Swali linasema *urefu* wa TN ni 3. Urefu hauna upande. Je, T haiwezi kuwa upande wa kulia wa N? Akachora tanjenti kutoka (1, 2) ikishuka hadi (4, 0). Subtanjenti yake ni 3 vilevile.

R akaongeza: kama pande zote mbili zinaruhusiwa, mpindo hauwezi kupanda hadi (1, 2) kwa njia ya kwanza kisha ukashuka kwa njia ya pili?

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuficha kanuni TN = y/(dy/dx) hadi waifikie wenyewe. Kanuni hiyo imo vitabuni, na mtu akiikariri anaweza kulijibu swali hili kwa dakika moja. Lakini swali likibadilika kidogo tu, kwa mfano tanjenti ikikata mhimili wa y, au sharti likawa juu ya katikati ya kipande fulani, kanuni hiyo haina msaada wowote. Mlinganyo wa tanjenti wenye herufi kubwa na ndogo unafaa kote.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuweka hatua za rula kabla ya aljebra. Nilitaka waone kwa macho kwamba sharti la umbo linatoa mwelekeo mmoja katika kila mahali pa karatasi, na kwamba mpindo ni njia inayotii mwelekeo huo inapopita. Hivyo ndivyo mlinganyo wa kutofautisha ulivyo. Kosa la K la mwanzo lilitokana na kuchukua mwelekeo wa mahali pamoja na kuufuata bila kikomo. Hatua za nusu kizio ni kosa hilohilo likifanywa kwa kipande kifupi na kurekebishwa kila mara, ndiyo maana K alielewa upesi uhusiano wa vitu hivyo viwili.

Uamuzi wa tatu ulihusu jibu la R lenye C mwishoni. Ningeweza kumwambia kwamba C huandikwa palepale unapointegreti, akakubali na kusahau. Nilimwomba badala yake ahakiki kwenye nukta iliyotolewa na swali, (1, 2), si kwenye 10. Kwa mpindo wake, dy/dx pale ni e^(1/3)/3, takriban 0.465, na 2 ikigawanywa kwa 0.465 ni karibu 4.30. Hilo haliwezi kusingiziwa desimali.

## Matokeo

Suala la alama lilimalizika hivi. Sharti la urefu linatoa milinganyo miwili:

dy/dx = y/3 au dy/dx = −y/3

na kila mmoja una mpindo wake unaopita kwenye (1, 2):

y = 2 e^((x−1)/3) na y = 2 e^(−(x−1)/3)

Wa pili ni taswira ya wa kwanza kwenye kioo kilichosimama wima kwenye x = 1. Swali lingesema "mpindo unaopanda", au "T iko kushoto mwa N", jibu lingekuwa moja. Kwa maneno yalivyokuwa, majibu ni mawili, na wanafunzi waliandika yote mawili.

Kuhusu kuunganisha nusu ya mmoja na nusu ya mwingine, niliwaambia wachore. Kufikia (1, 2) kutoka kushoto, mwinamo ni 2/3. Kuondoka kwenda kulia, mwinamo ni −2/3. Pale katikati kuna ncha. Kwenye ncha hakuna tanjenti, na swali linadai tanjenti kwa kila nukta. Jibu hilo likafutwa. R aliuliza kama ncha haiwezi kulainishwa kidogo kwa kuizungusha. Haiwezekani: kutoka mwinamo chanya hadi mwinamo hasi, mpindo laini lazima upitie mahali ambapo tanjenti iko sambamba na mhimili wa x, na tanjenti ya namna hiyo haiukati mhimili, kwa hiyo hakuna T wala subtanjenti. Sharti lenyewe ndilo linalouzuia mpindo kugeuka.

Baada ya hapo niliwapa swali la kupimia, bila msaada: *tanjenti ya P inakata mhimili wa x kwenye T, na asili O ni katikati ya TN daima, mpindo unapita (1, 2).* K aliandika mlinganyo wa tanjenti kwa herufi kubwa na ndogo, akapata X = x − y/(dy/dx), akasema X lazima iwe −x, hivyo y/(dy/dx) = 2x. Akatenganisha:

dy/y = dx/(2x)

akapata ln y = (1/2) ln x + C, yaani y² = Bx, na kwa (1, 2), y² = 4x. Akahakiki kwenye (4, 4): dy/dx pale ni 1/2, subtanjenti ni 8, T iko kwenye −4, N kwenye 4, na asili iko katikati kweli.

R alifika kwenye mlinganyo uleule, lakini alianza kwa kuandika y/(dy/dx) = 3 kutoka kwenye swali la zamani, akaifuta baada ya kusoma swali tena. Kasi ya mkono wake inaonyesha kwamba kanuni ilikuwa imeanza kukaririwa hata baada ya kufichwa.

## Uchambuzi

### Kwa nini mstari mnyoofu ulionekana sahihi

Jibu la K la mwanzo lilikidhi kila namba iliyotajwa kwenye swali: nukta (1, 2) na urefu 3. Kilichoachwa ni neno moja, *kila*. Katika maswali ya kutafuta mpindo kutokana na tanjenti yake, neno "kila" au "daima" ndilo linalobeba mlinganyo wa kutofautisha. Namba zinaingia baadaye, kuchagua mpindo mmoja kati ya mingi. K alitumia namba kwanza, na zilipoisha akadhani swali nalo limeisha.

Dalili ya kosa hili ni rahisi kuitambua: ikiwa umeweka majiranukta ya nukta iliyotolewa kabla hujaintegreti, umeshalifanya. Sharti la mwanzo lina nafasi moja tu, baada ya C kutokea.

Njia ya kulinasa nayo ni hiyo niliyomwomba K aifuate: hakiki sharti kwenye nukta ambayo swali halikuitaja. Mpindo wa kweli utapita popote.

### Kwa nini R hakukamatwa na hakikisho lake

Hapa pana jambo ambalo ningependa msomaji alitazame kwa makini, kwa sababu linapingana kidogo na nilichosema sasa hivi. R alihakiki kwenye nukta ambayo swali halikuitaja, x = 10, na akakaribia 3. Mbona?

Kwa mpindo y = e^(x/3) + C, subtanjenti ni 3(e^(x/3) + C)/e^(x/3), sawa na 3 + 3C e^(−x/3). Kosa ni 3C e^(−x/3), na linapungua kwa kasi x inapokua. Kwenye x = 1 subtanjenti ni 4.30; kwenye x = 4 ni 3.48; kwenye x = 10 ni 3.06. Namba C ni ndogo, na mbali kule e^(x/3) ni kubwa, kwa hiyo inaimeza. Anayehakiki mahali ambapo kosa lake limezimwa atajipongeza bure.

Kwa hiyo hakikisho la namba moja halitoshi pale jibu linapokuwa "karibu". Sharti hapa linasema 3 kamili. Njia salama ni kuhakiki kwa herufi: tofautisha jibu lako, gawanya y kwa dy/dx, na uone kama x inafutika. Kwa jibu la K inafutika mara moja, kwa sababu dy/dx ya 2e^((x−1)/3) ni yenyewe ikigawanywa kwa 3. Kwa jibu la R, x inabaki.

### C ni nini kwenye mchoro

Kosa la R linaweza kuelezwa kwa aljebra, kwamba ln y = x/3 + C ikigeuzwa inatoa e^(x/3) × e^C, si e^(x/3) + C. Lakini kwa maoni yangu sababu ya kijiometri ndiyo inayokaa kichwani.

Chukua mpindo wowote unaokidhi sharti na uuteleze kulia au kushoto. P, N na T zote zinateleza pamoja, urefu TN haubadiliki, na sharti linabaki. Sasa uinue juu badala ya kuuteleza. Mwinamo wa kila nukta unabaki uleule lakini P iko juu zaidi, hivyo tanjenti inasafiri mbali zaidi kabla ya kuufikia mhimili, na T inarudi nyuma. TN imerefuka. Ndiyo sababu mpindo wa R, ambao ni e^(x/3) ulioinuliwa kwa 0.604, una subtanjenti ndefu kuliko 3 kila mahali.

Kwa hiyo, kabla ya kuintegreti, mtu anaweza kujua C itafanya kazi gani. Sharti la TN halisemi chochote kuhusu mahali kwenye mhimili wa x. Linasema tu kuhusu urefu. Basi familia ya majibu lazima iwe mpindo mmoja ukiteleza kushoto na kulia. Na kweli jibu la K, 2e^((x−1)/3), ni mpindo e^(x/3) ulioteleza kushoto kwa takriban 1.079, kwani kuzidisha kwa 2 ni sawa na kuteleza kwa 3 ln 2, ambayo ni karibu 2.079, na ule 1 unarudisha kulia. Mtu akipata familia ya majibu inayopanda na kushuka badala ya kuteleza, ajue C imeketi pasipo pake, hata kabla ya kuhakiki namba yoyote.

Katika swali la pili la kupimia, lile la y² = 4x, mambo ni tofauti: sharti linataja asili O, hivyo kuteleza hakuruhusiwi. Kinachoruhusiwa ni kunyoosha wima, kwa kuwa ukizidisha kila y kwa namba moja, T inabaki palepale. Familia y² = Bx ni hiyo hasa. K hakuliona hili mwenyewe, wala sikutarajia alione. Lakini ni zoezi zuri kwa anayetaka kwenda mbele.

### Hatua za rula zilisaidia wapi na zilikomea wapi

Jedwali la nusu vizio lilifikia 5.043 kwenye x = 4. Jibu la kweli pale ni 2e, takriban 5.437, kwa sababu kutoka 1 hadi 4 ni vizio 3, sawa na subtanjenti nzima, na y inazidishwa kwa e kamili. Tofauti ya karibu 0.39 si ndogo, na K aliulizia. Mpindo unajikunja kwenda juu, na kila tanjenti tuliyoifuata iko chini ya mpindo; tukifika mwisho wa kila hatua tumeshashuka kidogo, na hatua inayofuata inaanzia huko chini. Kwa hatua za 0.1 wangefikia karibu 5.35. Hesabu inakaribia kutoka chini, wala haifiki.

Pamoja na upungufu huo, jedwali lilionyesha jambo ambalo mlinganyo pekee hauonyeshi waziwazi: x ikiongezwa kwa hatua sawa, y inazidishwa kwa namba ileile. Huko ndiko swali hili lilikoanzia kihistoria. Katika miaka ya 1630 Florimond de Beaune alimpelekea Descartes swali la kutafuta mpindo kutokana na sifa ya tanjenti yake, na Descartes hakuweza kulipatia mlinganyo wa aina aliyoizoea, kwa kuwa mpindo huo si wa aljebra. Leibniz alilirudia mwishoni mwa makala yake ya kalkulasi ya mwaka 1684, akiliweka kama mpindo wenye subtanjenti isiyobadilika, na akalijibu kwa hoja ya aina hiyohiyo: x zikienda kwa kujumlisha, y zinaenda kwa kuzidisha, kwa hiyo mpindo ni wa logarithi.

Mahali rula ilipokomea ni kwenye alama. Maelekezo ya "kurudi nyuma vizio 3" yalichagua upande wa kushoto bila mtu kusema, na wanafunzi wakaandika dy/dx = y/3 kana kwamba ndiyo tafsiri pekee ya urefu. Swali la K lilitokea baadaye, kwa bahati. Katika kundi lenye mwanafunzi asiyeuliza, jibu la pili lingepotea kimya kimya. Mpangilio ulio salama zaidi ni kuchora P na kuuliza, kabla ya kuchora tanjenti, T inaweza kukaa wapi kwenye mhimili. Hapo nukta mbili zinaonekana zenyewe, na mlinganyo unaandikwa na thamani bila alama tangu mwanzo: |y/(dy/dx)| = 3.

### Kilichogawanywa kwa y

Limebaki jambo moja dogo ambalo wote wawili walilipita. Kutenganisha dy/y = dx/3 ni kugawanya kwa y, na kugawanya kwa y kunaitupa y = 0, ambayo inakidhi dy/dx = y/3. Je, ni jibu? Hapana: tanjenti ya mstari huo ni mhimili wenyewe, inaugusa mhimili kila mahali, na hakuna T moja ya kupimia. Mlinganyo wa kutofautisha unaikubali, sharti la umbo linaikataa. Katika swali hili haidhuru, kwa sababu (1, 2) haiko pale. Lakini tofauti hiyo ni ya kweli: tulipotoka TN = 3 kwenda dy/dx = y/3 tulizidisha pande zote kwa dy/dx, na palepale mlango ukafunguka kwa jibu ambalo jiometri hailitambui. Mwanafunzi anayemaliza swali la aina hii arudi na kila jibu kwenye mchoro wa P, T na N, si kwenye mlinganyo alioutatua.